Moja na Robo Tatu: Likizo Unayoichuma Kila Mwezi, na Salio Lake Siku ya Kuaga Kazi

Mpwa wangu alikuja kunitembelea mwezi Agosti mwaka 2025 akiwa na karatasi mfukoni. Alikuwa karani wa ghala katika duka la vifaa vya ujenzi hapa Mombasa, na alikuwa amepata kazi kwingine. Barua ya kujiuzulu alikwisha kuipeleka, na siku zake za mwisho zilikuwa zinayoyoma. Baada ya salamu aliifungua ile karatasi kwenye baraza. Ilikuwa hesabu ya malipo yake ya mwisho, na mstari uliomsumbua ulikuwa mfupi: “Likizo: siku 3.5 × 1,300 = 4,550.”

“Mjomba,” akasema, “mimi siijui hesabu ya watu wa ofisi, lakini hizi siku tatu na nusu sizielewi. Mwaka jana nilipumzika wiki mbili tu.”

Nikamwambia, “Tuseme umekosea wewe, au wamekosea wao. Lete kalamu.”

Tulikaa hapo mpaka adhana ya magharibi. Tulipomaliza, siku 3.5 zilikuwa zimekuwa 12.75. Kuzidisha kwa mhasibu hakukuwa na kasoro, 3.5 mara 1,300 ni 4,550 popote pale. Kasoro ilikuwa katika vitu alivyovihesabu: miezi gani, siku zipi, na bei ya siku moja imetoka wapi. Anayeacha kazi akiyajua hayo matatu anaweza kuipima hesabu yake mwenyewe.

Robo tatu inatoka wapi

Nchini Kenya likizo ya mwaka imewekwa na kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Mfanyakazi aliyetumikia miezi 12 mfululizo anastahili likizo isiyopungua siku 21 za kazi, kwa malipo kamili. Hicho ni kiwango cha chini. Mkataba unaweza kumpa siku 24 au 30, lakini hauwezi kumpa 18.

Ukigawa siku 21 kwa miezi 12 unapata siku 1.75, yaani moja na robo tatu. Sheria haikuwaachia watu wafanye mgawanyo huo wenyewe, bali imeutaja waziwazi: kazi ikikoma katikati ya mwaka wa likizo, mfanyakazi anastahili siku zisizopungua moja na robo tatu kwa kila mwezi aliotimiza katika mwaka huo. Ndiyo maana nasema likizo huchumwa. Kila mwezi unapokamilika, siku moja na robo tatu huingia upande wako wa daftari, uwe unaitumia mwezi huo au unaiacha ilimbikizane.

Neno la kushika hapo ni “aliotimiza”. Mwezi ulioanza na haujaisha, kwa kipimo cha chini cha sheria, hauna robo wala nusu. Mikataba mingine ni mikarimu na huhesabu hata vipande vya mwezi, kwa hiyo soma wako kwanza. Mkataba usiposema lolote, hesabu miezi kamili tu.

Kuna na sharti jingine ambalo wengi hawalijui. Haki hiyo ya robo tatu huanza mtu akishatimiza angalau miezi miwili mfululizo ndani ya mwaka wa likizo husika. Anayeaga mwezi mmoja tu baada ya mwaka wake wa likizo kuanza upya, sheria haimpi chochote kwa mwezi huo mmoja. Siku alizobakiza mwaka uliotangulia ni jambo jingine, nazo tutazifikia.

Mwezi huanza siku uliyoajiriwa

Mwaka wa likizo katika sheria haufuati kalenda ya ukutani. Ni miezi 12 mfululizo ya utumishi, kwa hiyo huanza siku uliyoingia kazini. Mpwa wangu aliajiriwa tarehe 10 Machi 2021. Mwaka wake wa likizo basi huanza kila tarehe 10 Machi na kwisha tarehe 9 Machi ya mwaka unaofuata, na mwezi wake huisha kila tarehe 9.

Swali la pili ni utumishi unakoma lini. Hapa ndipo ofisi nyingi hujikwaa, nao wafanyakazi huwafuata. Barua yake ya kujiuzulu aliifikisha Jumatatu tarehe 21 Julai 2025. Mhasibu akaichukua tarehe hiyo kama mwisho wa hesabu. Lakini barua ya kujiuzulu haikati kazi siku ile ile; inaanzisha notisi. Kwa mtu anayelipwa kwa mwezi, kifungu cha 35 kinataka notisi ya maandishi ya siku 28, isipokuwa mkataba umeweka muda mrefu zaidi. Siku 28 zinazofuata tarehe 21 Julai huishia Jumatatu tarehe 18 Agosti. Katika siku zote hizo alikuwa bado mfanyakazi, akifungua ghala asubuhi na kulifunga jioni, na mshahara wake ukiendelea. Likizo nayo ilikuwa ikiendelea kuchumwa.

Tukahesabu miezi kwa vidole kuanzia tarehe 10 Machi 2025. Wa kwanza uliisha tarehe 9 Aprili, wa pili tarehe 9 Mei, wa tatu tarehe 9 Juni, wa nne tarehe 9 Julai na wa tano tarehe 9 Agosti. Kutoka hapo hadi tarehe 18 kuna siku 9 zisizotimiza mwezi. Kwa hiyo miezi kamili ni 5, na 5 mara 1.75 ni siku 8.75. Angehesabiwa mpaka siku ya barua, angepata miezi 4 na siku 7 tu. Notisi ilikuwa na thamani ya mwezi mzima.

Utaona pia kwamba tarehe ya kuaga ina bei. Kama angepanga siku yake ya mwisho iwe tarehe 9 Septemba badala ya 18 Agosti, mwezi wa sita ungetimia na siku 1.75 zingeongezeka. Si lazima mtu akae kazini kwa ajili ya robo tatu, hasa mwajiri mpya akiwa anamngoja. Lakini aliyebakiza siku mbili tatu kutimiza mwezi wake ana sababu ya kuitazama kalenda kabla ya kuandika tarehe kwenye barua.

Siku ulizotumia: za kazi au za kalenda?

Ukishajua ulichochuma, unatoa ulichotumia. Hapa hesabu inaharibika kimyakimya, kwa sababu sheria ya Kenya inahesabu siku za kazi, ilhali fomu za likizo mara nyingi huandikwa “kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani”, na mtu akizihesabu tarehe zote humo anameza Jumapili na sikukuu.

Mwishoni mwa Mei mpwa wangu alikwenda Lamu kwenye harusi. Fomu yake ilisema kuanzia Alhamisi tarehe 29 Mei hadi Jumatano tarehe 4 Juni 2025. Ofisi ikaandika siku 7. Tuzitazame moja moja. Duka lao hufanya kazi siku 6, Jumatatu hadi Jumamosi. Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi ni siku 3 za kazi. Jumapili tarehe 1 Juni duka hufungwa, na ndiyo ilikuwa Madaraka. Sikukuu ya kitaifa ikiangukia Jumapili nchini Kenya, Jumatatu yake huwa mapumziko, basi tarehe 2 nayo haikuwa siku ya kazi. Zinabaki Jumanne na Jumatano. Jumla ni siku 5. Mbili zilizoongezwa ni siku ambazo hata angekuwa Mombasa asingekwenda kazini, na mtu hawezi kutumia likizo kupumzika siku ambayo tayari ni ya mapumziko.

Kujua kama ofisi yako inahesabu vibaya si vigumu. Chukua fomu moja ya zamani ya likizo iliyovuka Jumapili, linganisha tarehe zake na siku zilizokatwa. Ikiwa wiki moja nzima imekatwa siku 7, basi unahesabiwa kwa kalenda, na kosa hilo limekuwa likijirudia kila ulipokwenda likizo, si mwaka huu tu.

Likizo ya ugonjwa haichanganywi na hii. Ina kifungu chake na siku zake, na siku uliyolala hospitalini kwa cheti cha daktari haitolewi kwenye zile 21. Likizo ya uzazi vilevile: kifungu cha 29 kinasema mwanamke hapotezi likizo yake ya mwaka kwa sababu alichukua likizo ya uzazi. Miezi yake mitatu nyumbani na mtoto ni miezi ya utumishi, na siku za likizo ya mwaka huchumwa humo kama katika miezi mingine.

Zilizobaki mwaka uliopita

Katika mwaka wake wa likizo uliokwisha tarehe 9 Machi 2025, mpwa wangu alichuma siku zote 21. Alitumia 12, kuanzia Jumatatu tarehe 11 hadi Jumamosi tarehe 23 Novemba 2024. Zilibaki 9. Ofisi ilizifuta. “Waliniambia daftari la likizo hufungwa tarehe 31 Desemba,” akasema, “na isiyotumika imekufa.”

Sheria haisemi hivyo. Inaruhusu likizo igawanywe vipande, mfanyakazi akikubali, na inataka kipande kimoja kiwe angalau wiki mbili za kazi bila kukatizwa, kichukuliwe ndani ya mwaka wenyewe. Hicho alikichukua Novemba. Kilichobaki kinatakiwa kichukuliwe kabla ya kupita miezi 18 tangu mwaka huo wa likizo ulipokwisha. Miezi 18 tangu tarehe 9 Machi 2025 inafika tarehe 9 Septemba 2026. Mpwa wangu aliaga akiwa bado na zaidi ya mwaka mmoja mkononi. Zile siku 9 zilikuwa hai.

Kanuni ya ndani ya kampuni inaweza kupanga vingine kuhusu siku zinazozidi kiwango cha chini. Mkataba ukikupa siku 30, wewe na mwajiri mnaweza kukubaliana zile 9 za ziada zitumikeje. Lakini zile 21 ni za sheria, na kanuni ya ofisi haiwezi kuzipunguza.

Anayedai siku za zamani zaidi ya hapo atakuta ugomvi. Mwajiri atasema: hukuomba. Mfanyakazi atasema: niliomba mkaninyima. Hapo barua ya kuomba likizo iliyoandikwa “haiwezekani sasa, tuna kazi nyingi” ina uzito kuliko maneno matupu. Aliyenyimwa na aliyenyamaza hawasimami mahali pamoja.

Kuipima hesabu kwa njia ya pili

Sasa tukaunganisha: siku 9 za mwaka uliopita, kuongeza 8.75 za mwaka huu, kutoa 5 za Lamu. Salio ni siku 12.75.

Hesabu ya aina hii haitoshi kuifanya mara moja. Njia ya kuihakiki ni kusahau miaka ya likizo kabisa na kuuliza: tangu siku ya kwanza umetimiza miezi mingapi, na umetumia siku ngapi? Kutoka tarehe 10 Machi 2021 hadi tarehe 18 Agosti 2025 kuna miaka 4 na miezi 5 iliyotimia, yaani miezi 53. Mara 1.75 ni siku 92.75. Katika miaka mitatu ya kwanza alizimaliza siku zake zote, 63. Ongeza 12 za Novemba na 5 za harusi, jumla 80. Toa 80 kwenye 92.75, zinabaki 12.75. Njia mbili zimekutana, kwa hiyo hatukuwa tumeruka kitu.

Kipimo hicho kinatuonyesha jambo jingine. Ofisi kuendesha daftari lake Januari hadi Desemba si dhambi. Wengi hufanya hivyo kwa urahisi, na salio likihamishwa barabara jibu halibadiliki. Mhasibu wa duka alianzia Januari, akahesabu miezi 6 mpaka Juni, akapata siku 10.5, akatoa 7, zikabaki 3.5. Tukitumia kalenda yake hiyo hiyo tunaona zile siku 9.25 zilipopotelea. Mwisho wa 2024 kwa hesabu ya jumla alikuwa ametimiza miezi 45 na kuchuma siku 78.75, akiwa ametumia 75. Basi siku 3.75 zilipaswa kuhamia 2025, zikafutwa. Kuanzia hapo hadi tarehe 9 Agosti aliitimiza miezi 8, si 6, nayo ni siku 3.5 nyingine. Na siku 2 zilimezwa na Jumapili ya Madaraka na Jumatatu yake. Hizo ndizo 9.25.

Siku moja ni shilingi ngapi?

Siku zikishajulikana, lazima zigeuzwe fedha, kwa kuwa anayeondoka hawezi tena kwenda likizo ya duka asilolifanyia kazi. Mshahara wake ulikuwa shilingi 39,000 kwa mwezi, posho ya nyumba ikiwa humo humo. Mhasibu aligawa kwa 30 akapata 1,300. Kugawa kwa 30 kunaonekana jambo la kawaida, mwezi si una siku 30? Lakini hapa kuna mtego.

Likizo ilihesabiwa kwa siku za kazi. Kama ni hivyo, bei yake nayo iwe bei ya siku ya kazi. Anayefanya kazi siku 6 kwa wiki hufanya siku 6 mara wiki 52, yaani 312 kwa mwaka. Gawa kwa miezi 12 unapata 26. Mshahara wa 39,000 ukigawanywa kwa 26 ni shilingi 1,500 kwa siku. Kwa anayefanya kazi siku 5, mwaka una siku 260 za kazi na mwezi una takriban 21.67, ndiyo maana ofisi nyingi za Jumatatu hadi Ijumaa hugawa kwa 22.

Angalia tofauti ilivyo. Mfanyakazi wa siku 6 akichukua likizo yake yote ya siku 21 za kazi, hukaa nyumbani wiki tatu na nusu, siku 24 na nusu za kalenda, na mshahara wake haupungui. Muda huo kwa mshahara wa 39,000 ni kama shilingi 31,500 na kidogo. Ukizidisha 21 kwa 1,500 unapata 31,500. Ukizidisha kwa 1,300 unapata 27,300. Kwa kigawanyo cha 30, basi, aliyelipwa likizo yake kwa fedha anapata pungufu ya mwenzake aliyekwenda likizo yenyewe, ilhali walichuma siku zile zile.

Hata hivyo nilimwonya mpwa wangu asiende na kifua mbele. Sheria ya Kenya haijataja kigawanyo katika kifungu cha likizo, na katika hukumu za Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi utakuta kesi zilizokokotolewa kwa 30 na nyingine kwa 26. Mkataba ukitaja kigawanyo, anzia hapo. Usipotaja, hoja ya siku za kazi ndiyo yenye mantiki, lakini ni hoja ya kujadiliana. Kwa siku 12.75, kigawanyo cha 26 kilimpa shilingi 19,125. Cha 30 kingempa 16,575. Vyovyote, 4,550 haikuwamo. Na fedha hizo ni mapato ya ajira, kwa hiyo hukatwa kodi kama mshahara. Asishangae akipokea pungufu kidogo.

Ng’ambo ya Lungalunga

Msomaji wa Tanga asije akaichukua robo tatu hii akaenda nayo ofisini kwake. Tanzania Bara ina Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, na kifungu chake cha 31 kinatoa siku 28 mfululizo kwa kila mzunguko wa miezi 12, sikukuu zikiwa ndani yake. Zile ni siku za kalenda. Siku 28 za Tanzania na siku 21 za Kenya basi haziko mbali kama zinavyoonekana: 28 za kalenda ni wiki nne, na kwa mtu wa siku 6 ni siku 24 za kazi.

Kazi inapokoma, sheria hiyo inaruhusu malipo ya likizo yakokotolewe kwa kiwango cha mshahara wa msingi wa siku moja kwa kila siku 13 mfanyakazi alizofanya kazi au alizostahili kufanya kazi. Namba 13 inaonekana kama imeokotwa njiani, lakini ukigawa siku 312 za mwaka kwa 13 unapata 24 barabara, yaani wiki nne za siku 6. Wa siku 5 naye ana siku 260. Kwa 13 ni 20, wiki nne vilevile. Uzuri wa njia hiyo ni kwamba inahesabu siku, si miezi, na kile kipande cha mwisho kisichotimiza mwezi hakipotei. Aliyefanya kazi siku 130 tangu mzunguko wake ulipoanza ana siku 10. Na kuhusu bei ya siku, Jedwali la Kwanza la sheria hiyo linauchukulia mwezi kuwa na wiki 4.333, mara siku 6, unarudi kwenye 26.

Mali bila daftari

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sheria ya Kenya inamtaka mwajiri aweke kumbukumbu za likizo za kila mfanyakazi, na kesi ikifika mbele, yeye ndiye anayetarajiwa kuzitoa. Lakini usimwachie yeye peke yake. Nakala ya kila fomu ya likizo iliyotiwa saini, barua ya ajira yenye tarehe ya kuanza, barua ya kujiuzulu yenye muhuri au saini ya aliyeipokea, na stakabadhi za mshahara: hizo nne zinatosha kuijenga hesabu yote niliyoieleza hapa. Mpwa wangu alikuwa nazo kwenye bahasha ya kaki, kwa kuwa mamake hatupi karatasi.

Nikamkataza jambo moja. Pamoja na hesabu ile alipewa hati ya kutia saini, imeandikwa kwamba amelipwa kila anachodai na hana dai jingine. Mahakama nchini Kenya zimewahi kuzishikilia hati kama hizo pale mtu alipozisaini kwa hiari yake akijua anachosaini. Saini inakuja baada ya hesabu kukubaliwa, si kabla. Wakishindwa kuelewana kuna ofisi ya afisa wa kazi, na baada ya hapo mahakama. Lakini madai ya chini ya sheria hii yana muda wa miaka 3, kisha mlango unafungwa.

Hakufika huko. Alirudi dukani na karatasi yetu ya baraza. Kuhusu siku hapakuwa na mabishano marefu: mhasibu aliitazama fomu ya harusi, akaitazama kalenda, akacheka mwenyewe. Kuhusu tarehe ya mwisho alisoma barua upya na kukubali kwamba mtu aliyekuwa akimfungulia ghala wiki hiyo hawezi kuwa aliacha kazi Julai. Siku 9 zilimchukua muda kidogo, mpaka alipozungumza na mwenye duka.

Kigawanyo ndicho kilichogoma. Wakavutana wiki nzima, 30 au 26, hadi mpwa wangu alipokwenda kuchimba kwenye bahasha ya mamake akatoa stakabadhi ya mshahara wa Februari. Mwezi huo alikosa kazi siku moja bila ruhusa, na duka likamkata. Akaiweka mezani bila maneno mengi. Makato ya siku moja yalikuwa shilingi 1,500.